Hiyo asilimia 80 mmeitoa wapi?

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 na sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu ya ile habari yenu ya Jumapili ya juzi, iliyosema kwamba akili hisia, yaani ule ujuzi wa kuzielewa hisia zako na za wengine, inachangia asilimia 80 ya mafanikio ya mtu kazini na akili ya darasani asilimia 20 tu, na kwamba mwajiri anaweza kuipima kwa dodoso la dakika kumi. Niliisoma ndani ya daladala kutoka Tabata, nikairudia, na nikashuka Mnazi Mmoja nimekasirika. Kazi yangu ni afisa utumishi. Dodoso hizo nimezigawa kwa mkono wangu, na najua zilichofanya.

Nianze na hiyo asilimia. Mwaka 1995 Daniel Goleman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa mwandishi wa habari, alitoa kitabu kilichofanya neno hili lijulikane duniani. Aliandika kwamba akili inayopimwa kwa mitihani huchangia, kwa makadirio ya juu, kama asilimia 20 ya yale yanayoamua mafanikio ya mtu, na kwamba 80 zinazobaki ni za mambo mengine, kuanzia tabaka ulilozaliwa hadi bahati. Hakusema zote 80 ni za akili hisia. Baadaye yeye mwenyewe alilazimika kueleza kwamba watu wamemsoma vibaya. Ni sawa na mama lishe akuambie unga ni sehemu moja ya tano ya gharama za chapati zake, halafu wewe uandike gazetini kwamba sehemu nne zilizobaki zote ni chumvi. Mafuta je? Mkaa je? Kodi ya kibanda?

Sasa nieleze yaliyonikuta. Mwaka 2019 nilikuwa nafanya kazi katika hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Ilitakiwa kupatikana muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, na uongozi ukaniletea dodoso la akili hisia lenye sentensi 40. Mtu anajipa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa kila sentensi, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 200. Waombaji wawili ndio walibaki. Nitawaita Sista Neema na Sista Asha, ingawa hayo si majina yao. Neema alipata 186. Asha alipata 131. Nilijumlisha mwenyewe, nikahakiki mara ya pili, nikapeleka karatasi juu, na Neema akapewa nafasi.

Huyo Asha nilimwona kazini. Asubuhi moja nilipita wodini kuchukua fomu za likizo, nikamkuta mama mmoja aliyefiwa na mtoto usiku. Kila aliyemsalimu alimjibu "sijambo" na kutabasamu. Wengine waliridhika wakapita. Asha alisimama akaangalia mikono yake: yule mama alikuwa anakunja kanga ya mtoto, anaikunjua, anaikunja tena. Bila kuagizwa na mtu, Asha alihamisha kitanda cha yule mama hadi upande ambao hakukuwa na wanaonyonyesha, akamtafuta shangazi yake aliyekuwa nje getini, akamwomba mlinzi amruhusu kuingia ingawa saa ya kuona wagonjwa haijafika. Haikumchukua hata robo saa. Lakini kwenye sentensi iliyosema "Huwa natambua haraka hisia za watu wengine," Asha alikuwa amejipa 3. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akanijibu, "Dada, wengine siwaelewi. Juzi tu nilidhani yule baba ana hasira, kumbe anaogopa bili. Sasa niandike tano?" Neema alijipa 5. Ndani ya miezi minne wauguzi wawili waliomba kuhamishwa kutoka wodi hiyo, na mmoja wao aliniambia sababu akilia. Simlaumu Neema, alijibu alichoulizwa. Najilaumu mimi niliyepeleka ile karatasi kana kwamba ni matokeo ya mtihani, wakati hapakuwa na mtihani wowote.

Hapo ndipo habari yenu ilipopotosha zaidi, Mhariri. Kuna vitu viwili tofauti vinavyoitwa kwa jina moja. Cha kwanza ni kile cha wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer, walioandika mwaka 1990 na kuyapanga upya maelezo yao mwaka 1997. Wao walisema akili hisia ni uwezo, kama ulivyo uwezo wa hesabu: kutambua hisia kwenye sura ya mtu, kuitumia hisia isaidie kufikiri, kuelewa hisia moja inavyozaa nyingine, na kuiongoza, yako au ya mwenzako. Kama ni uwezo, basi unapimwa kwa maswali yenye majibu. Kipimo walichotoa pamoja na David Caruso mwaka 2002 kina maswali 141: unaonyeshwa sura na kuulizwa kuna huzuni kiasi gani, unapewa kisa na kuulizwa hatua ipi itamtuliza mhusika. Ukikosea, umekosea, hata kama unajiona hodari.

Cha pili ni hulka. K. V. Petrides na Adrian Furnham walikieleza wazi mwaka 2001: hiki ni namna mtu anavyojiona katika mambo ya hisia, na mahali pake ni kwenye haiba, pamoja na uchangamfu, utulivu wa moyo na mengine ya aina hiyo. Hapa dodoso la kujipima ni halali kabisa, kwa sababu kinachotafutwa ndicho mtu anachosema juu yake mwenyewe. Hakuna jibu sahihi. Petrides hajawahi kudai kwamba anapima akili, na kwa hilo namheshimu kuliko wengi wanaouza semina.

Kosa ni kuchanganya. Semina zinachukua maelezo ya Salovey na Mayer kuhusu uwezo, zinawapa watu dodoso la kujisifu, halafu zinabandika namba iliyosomwa vibaya. Vipimo hivi viwili havifuatani. Mwaka 2003 Marc Brackett na Mayer waliwapa watu wale wale mtihani wa uwezo na dodoso maarufu la kujipima la Reuven Bar-On, wakakuta uhusiano wa 0.21, pale ambapo 0 ni kutofuatana kabisa na 1 ni kufuatana kikamilifu. Kwa lugha ya ofisini, ukijua alama za mtu kwenye kimoja, unakuwa umeelezea kama asilimia 4 tu ya tofauti za watu kwenye kingine. Asha na Neema wangeweza kabisa kubadilishana nafasi. Isitoshe, mwaka 2008 Arla Day na Sarah Carroll waliwaambia watu wajibu kama vile wanaomba kazi. Alama za dodoso la kujipima zikapanda, za mtihani wa uwezo hazikupanda. Bila shaka. Nani anayetafuta cheo atajipa 2?

Najua kuna atakayesema mbona dodoso hizo hubashiri utendaji kazini. Ni kweli kwamba uhusiano upo. Lakini mwaka 2015 Dana Joseph, Daniel Newman na wenzao walikusanya tafiti nyingi na kuuliza uhusiano huo unatoka wapi. Walipoondoa mchango wa bidii, uchangamfu, utulivu, akili ya kawaida, kujiamini na vitu vingine vichache, vingi vikiwa vinapimika tangu zamani, kilichobaki cha akili hisia ya kujipima kilikuwa karibu na sifuri. Mwajiri ananunua kwa jina jipya vitu ambavyo tayari alikuwa navyo stoo.

Wala sisemi mtihani wa uwezo ndio dawa. Una tatizo lake, na kwetu ni kubwa. Nani anaamua jibu sahihi? Njia moja ni kufuata wengi: kama asilimia 60 ya watu waliopimwa mwanzo walichagua jibu fulani, nawe ukilichagua unapata 0.60. Njia nyingine ni wataalamu, na waliotumika walikuwa 21 kutoka chama cha kimataifa cha watafiti wa hisia. Kwa njia ya wengi, mtu aliyeona ambacho wengi hawakuona, kama Asha na ile kanga, anapoteza alama. Kisha chukua msiba wetu. Alipofariki baba yangu mdogo kule Mbagala, mtani alifika akajilaza mlangoni, akasema jeneza halipiti mpaka alipwe deni lake, kisha akaigiza mwendo wa marehemu. Mjane alicheka hadi machozi yakamtoka, na ulikuwa mwanzo wa yeye kula chakula siku ile. Piga picha sura yake wakati ule, umpelekee mtaalamu asiyejua utani, umuulize anaona huzuni kiasi gani. Halafu mnyime mtu cheo kwa sababu amejibu tofauti na huyo mtaalamu.

Na tukiwa hapo hapo, hizi tafsiri! Dodoso letu lilikuwa na sentensi ya 23: "Si mara nyingi huwa sishindwi kuficha hisia zangu." Naomba mtu anieleze ukiweka 5 umesema nini. Wauguzi saba walikuja ofisini kwangu kuuliza, nami nikawajibu tofauti kila mmoja. Sentensi za namna hiyo huhesabiwa kinyume, 5 inakuwa 1, kwa hiyo asiyeielewa anaweza kupoteza hadi alama nne kwa Kiswahili kibovu cha mtu aliyelipwa kutafsiri. Hata neno lenyewe "hisia" halikufanyiwa kazi. Kwetu mtu akisema "nina hisia kwamba fedha zimeibiwa" anazungumzia shaka. Kuna kuhisi baridi, kuna kuhisi huzuni, kuna kumhisi mtu ubaya. Baraza la Kiswahili lipo, Chuo Kikuu kipo, wahariri mpo. Karatasi inayoamua mshahara wa mtu haipaswi kupita mikononi mwa watu wengi hivyo bila hata mmoja kuisoma kwa sauti.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, msahihishe ile asilimia 80, katika ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa zile zile mlizoitangazia. Pili, kila mtakapoandika kuhusu kipimo cha akili hisia, chapeni sentensi zake tatu na mseme nani anayetoa alama: mjibuji mwenyewe au mtu mwingine mwenye majibu mkononi. Tatu, kwa wenzangu wa utumishi wanaotafuta muuguzi kiongozi: kaeni wodini asubuhi zamu zinapobadilishana, siku tano mfululizo, mkiwa na daftari. Kisha muulizeni mfagizi na mlinzi wa getini, kila mmoja peke yake.

Nimeambatanisha nakala ya dodoso letu bila majina. Sentensi ya 23 nimeizungushia wino mwekundu. Naomba mwandishi wa habari ile aijaze yote 40, kisha mkewe amjazie nakala nyingine bila kuona ya kwanza, nanyi mchape jumla zote mbili.

Afisa Utumishi,
Tabata, Dar es Salaam