Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024: Zile Dola Tulifungia Reti Kidogo Kidogo

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mambo ya kamati, stoo na vyeti mtayasoma kwa ripoti ya katibu, mimi nataka tuongee hii moja tu ambayo simu yangu haijapoa juu yake tangu Agosti: mbona dola zetu zingine zimebadilishwa kwa 164 na zingine kwa 129, na kama 164 ilikuwepo, mbona hatukufunga zote.

Turudi Januari. Dola ilikuwa imefika kama 160 na kila mtu alikuwa anasema inaenda 170, wengine 180. Sisi avokado yetu inauzwa kwa dola, bei ni ya hadi Mombasa, meli analipa mnunuzi, lakini wavunaji, mbolea na madeni yetu yote ni shilingi. Tulikuwa tunatarajia dola 400,000 mwisho wa Julai. Benki ikatupa fowadi ya 164, yaani tunakubaliana leo kwamba dola tukizileta kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Agosti watazinunua kwa 164, dola iwe imepanda au imeshuka. Ilikuwa juu ya reti ya siku hiyo kwa sababu riba ya shilingi ni kubwa kuliko ya dola, na benki inaingiza hiyo tofauti kwa bei. Kwa hivyo msidhani ile 4 ya juu ilikuwa benki inatabiri shilingi itaanguka, hapana, ni hesabu ya riba tu.

Sasa shida. Fowadi ni deni. Ukisaini kuleta dola 400,000 lazima uzilete, ukikosa unaenda kuzinunua sokoni kwa bei ya siku hiyo ndio uwape benki. Na hizo 400,000 Januari zilikuwa wapi? Zilikuwa matunda madogo kwa miti. Katibu alitoa madaftari ya misimu ya nyuma tukalinganisha makadirio ya Januari na pesa iliyoingia kweli, na msimu mbaya kabisa tulipata asilimia 55 tu. Hiyo ni 220,000. Tena mwaka huu kulikuwa na Bahari ya Shamu, meli zinakwepa mashambulizi ya Wahouthi zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wiki mbili hivi zaidi baharini, na avokado haingoji, ikifika imelainika mnunuzi anakata bei au anakataa kontena nzima. Hakuna msimu kwa daftari letu uliokuwa na kitu kama hicho. Ndio maana hata hatukufika 220,000, tukafunga 160,000, asilimia 40.

Machi tukakaa tena, kama tulivyokuwa tumepanga, sio kwa sababu reti ilisonga. Matunda yalikuwa yamehesabiwa kwa kila zoni, mnunuzi ametia sahihi oda, makadirio yakashuka kidogo hadi 380,000. Kwa daftari, makadirio ya Machi hayajawahi kutuangusha chini ya robo tatu, ambayo ni 285,000. Tukaongeza 80,000, jumla 240,000, kama asilimia 63. Lakini hapo shilingi ilikuwa imegeuka, imepata nguvu sana. Februari serikali ilipata yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ya kulipia sehemu kubwa ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 13, wageni wakaingia kwa bondi ya miundombinu, na wale waliokuwa wameficha dola wakakimbia kuziuza. Fowadi tuliyopewa Machi ilikuwa 138. Kuna mjumbe alituomba tungoje irudi 150 na ninamuelewa, inauma kufunga 138 ukikumbuka 164, lakini kilichobadilika kwetu ni kwamba zile dola sasa zilikuwa za uhakika zaidi, na hicho ndicho tulikubaliana kitasukuma mkono wetu. Siku tutaanza kufunga kwa kuangalia dola itaenda wapi tutakuwa tunacheza kamari na avokado za watu.

Mei makontena mengi yalikuwa yamepakiwa na ankara zimetumwa, makadirio 340,000, na kwa hatua hiyo hatujawahi kushuka chini ya asilimia 90, yaani 306,000. Tukaongeza 60,000 kwa 133, jumla 300,000. Zilizobaki tukaziacha wazi kabisa, kwa sababu mpaka pesa iingie kwa akaunti kuna klemu za ubora, na klemu hazitabiriki.

Pesa iliyoingia ni dola 325,000. Hesabu ni hii: 160,000 kwa 164, 80,000 kwa 138, 60,000 kwa 133, na 25,000 kwa reti ya siku hiyo, 129. Jumla shilingi 48,485,000, wastani kama 149 kwa dola. Tungeacha zote wazi tungepata 41,925,000. Tofauti ni zaidi ya milioni sita na nusu.

Sasa lile swali. Ndio, tungefunga 400,000 zote Januari tungetoka na karibu milioni 56, hata baada ya kununua zile 75,000 zilizopungua kwa 129 na kuzipeleka benki. Siwezi kuficha hiyo namba na hakuna haja. Lakini angalieni sehemu ya hiyo faida ya ziada imetoka wapi. Kwa zile 75,000 hatukuwa na avokado yoyote, ni dola za hewa, na zimelipa kwa sababu tu shilingi ilipata nguvu. Kama dola ingeenda 180 vile kila mtu alikuwa anasema, tungezinunua kwa 180 tuziuze benki kwa 164, hasara ya milioni 1.2, na hiyo ingetoka kwa malipo yenu msimu ambao mavuno yenyewe yamepungua. Na kama makontena mengi zaidi yangekataliwa tukabaki na dola 220,000 tu, hilo pengo lingekuwa 180,000 na hasara karibu milioni 2.9. Kwa zile tulizo nazo kweli, dola ikipanda tunakosa tu faida ya juu, kwa zile hatuna tunalipa mfukoni. Hiyo tofauti ndio sababu tunafunga mwisho kwenye kile kiwango cha chini na sio kwenye matarajio.

Kuna kitu hakikutokea mwaka huu lakini lazima kiandikwe kwa utaratibu wetu: makadirio yakishuka chini ya kile tumeshafunga, ile ziada tunaimaliza na benki wiki hiyo hiyo, iwe faida au hasara, hatungoji.

Msimu ujao tutakaa tena Januari, Machi na Mei. Mnunuzi anataka nusu ya mzigo tuuze kwa bei itakayopatikana sokoni kule, bila bei ya chini iliyohakikishwa. Tukikubali, hiyo nusu haina oda ya kushikilia, kwa hivyo Machi tutaihesabu bado kama ya Januari, na jumla tutakayofunga mapema itakuwa ndogo. Kamati inaomba mjadili hilo kwa mkutano kabla tutie sahihi. Na wawakilishi wa zoni, hesabu za matunda zinatakiwa kwa katibu kabla ya kikao cha Januari, mti kwa mti, sio kwa kukisia kutoka barabarani.