Kwa nini tunakibinya kisigino chako kabla ya kuzungumzia sindano

Wiki iliyopita fundi cherehani mmoja wa Ngamiani mwenye maumivu ya kisigino alitoka kwenye chumba chetu cha fiziotherapia akilalamika kwamba tumemlia fedha yake. Alikuwa amelipa shilingi 25,000, tukakibinyabinya kisigino chake kwa muda mrefu, kisha tukamrudisha nyumbani na zoezi la kuvuta vidole, bila sindano wala dawa. Malalamiko ya namna hiyo tunayasikia mara kwa mara hapa Tanga, na kwa kuwa bei yetu hulipia hasa kule kubinya, naona ni haki ya mteja kujua tunachokitafuta.

Fundi huyo alisema kwamba hatua za kwanza akishuka kitandani humchoma kama amekanyaga msumari, lakini akishafika msikitini maumivu yanakuwa yamepungua, na hurudi jioni baada ya kusimama sana au akiinuka baada ya kukaa muda mrefu. Nilipobonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, pale unapoanzia utando mgumu unaokwenda hadi kwenye vidole, aliruka. Nilipokunja vidole vyake kuelekea juu, utando ule ulikaza na maumivu yakaongezeka. Huo ni utando wa unyayo ulioumia. Usiku mguu ukilala utando hulegea, na hatua ya kwanza ya asubuhi huuvuta kwa ghafla.

Baada ya hapo nilikishika kisigino chake kwa viganja viwili na kukikamua kutoka pande zote mbili, kama mtu anayekamua ndimu. Hakusikia maumivu ya maana. Kipimo hicho ndicho alichokiona kuwa mchezo, nami sikiachi kwa sababu ya mama mmoja wa Chumbageni.

Mama huyo, aliyekwishavuka umri wa kukoma hedhi, aliamua kupunguza uzito, na ndani ya wiki mbili akatoka kwenye kutotembea kabisa hadi kwenda na kurudi Raskazone kila alfajiri. Kisigino kilipoanza kuuma alipigwa eksirei mahali fulani, akaambiwa mfupa ni mzima ila una mwiba, yaani ncha ya mfupa iliyochomoza, na akachomwa sindano ya kutuliza uvimbe. Mwiba wenyewe si ushahidi mkubwa, kwani watu wengi wanao na hawaumwi. Sindano ilimpa nafuu, naye akaendelea kutembea. Alipofika kwetu alikuwa akikanyagia vidole tu. Maumivu yake hayakupungua kwa kutembea, bali kila hatua iliyaongeza, na nilipokamua kisigino kwa pande mbili aliushika mkono wangu na kusema, "Basi, mwanangu, basi." Tulimrudisha kwa daktari, eksirei ikarudiwa wiki ya nne, na safari hii mstari mweupe ulionekana ukikatiza mfupa wa kisigino. Ufa wa mfupa uliochoshwa na mzigo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza, hadi mfupa uanze kujiunga. Alitembelea magongo kwa wiki sita, na duka lake likafungwa muda huo wote.

Mshipa wa fahamu uliobanwa una tabia tofauti. Mwenye nao hueleza moto, ganzi au sisimizi, maumivu huzidi kadiri siku inavyokwenda, na huweza kuendelea hata akiwa amelala. Sehemu inayouma huwa juu kidogo, ubavuni mwa kisigino kwa ndani, na ukiigongagonga mtu huhisi shoti ikitambaa kwenye unyayo. Tunamwomba pia atanue kidole kidogo cha mguu, tukilinganisha na mguu wa pili, kwa kuwa wapo watu wasio na tatizo lolote ambao hawawezi kukitanua.

Kwa fundi cherehani, zoezi ni hili: kabla ya kukanyaga chini asubuhi, akae kitandani, aweke mguu unaouma juu ya goti la pili, avute vidole kuelekea kwenye goko, ashikilie sekunde 10, arudie mara 10, na afanye hivyo mara tatu kwa siku. Baadaye tutaongeza kuinua visigino kwenye ngazi, vidole vikiwa vimeegemezwa juu ya taulo lililokunjwa. Kazi hii huchukua miezi. Sindano huweza kutuliza kwa wiki kadhaa, na daktari anaweza kuichagua mazoezi yakishindwa, lakini ina hatari ya kuukata utando au kuusinyaza mto wa mafuta ulio chini ya kisigino, na mto huo ukisinyaa haurudi kwa urahisi.

Anayekuja aje na ndala anazovaa kila siku, si viatu vya kutokea, na kama amepigwa eksirei aje nayo pamoja na tarehe maumivu yalipoanza.