Barua ya wazi kwa Msajili Mkuu wa Mahakama ya Tanzania kuhusu tafsiri za maamuzi ya jinai kutoka Kifaransa na Kiarabu

Mheshimiwa Msajili Mkuu,

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Sisi tunaotafsiri nyaraka za kisheria tunaomba mwongozo kuhusu waraka wa aina moja tu: uamuzi unaofunga upelelezi wa jinai katika nchi zisizofuata mfumo wetu tuliorithi kwa Waingereza. Hapo neno moja likikosewa, hadhi ya mtu kisheria hubadilika.

Tuchukue mfano wa sentensi kutoka Ufaransa: «Le juge d'instruction, sur réquisitions conformes du ministère public, dit n'y avoir lieu à suivre contre X du chef d'abus de confiance.» Uamuzi huu huitwa «non-lieu», na tafsiri inayojitokeza haraka ni hii: «Hakimu amemwachia huru X.» Msomaji wa Tanzania ataelewa kwamba kesi ilisikilizwa, ushahidi ukapimwa, na X hawezi tena kushtakiwa kwa kosa hilo.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Aliyeamua ni hakimu anayeongoza upelelezi, ambaye sheria ya Ufaransa inamkataza kushiriki kuhukumu shauri alilolipeleleza. Kifungu cha 177 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinamruhusu kufunga shauri kwa sababu tatu: tendo si kosa la jinai, mtendaji hajulikani, au ushahidi dhidi ya mtuhumiwa hautoshi. Kifungu cha 188 kinamkinga X asifuatiliwe tena kwa jambo hilohilo, isipokuwa ushahidi mpya ukijitokeza. Na kwa kifungu cha 190, ni upande wa mashtaka pekee unaoweza kuomba upelelezi ufunguliwe upya. Basi ana kinga, lakini kinga yenye mlango. Ukiandika «ameachiwa huru», umeufunga mlango huo. Ukiandika «mashtaka yameondolewa», umekosea upande wa pili, maana msomaji atadhani mwendesha mashtaka alijiondoa mwenyewe na anaweza kurudi wakati wowote bila sharti la ushahidi mpya.

Tafsiri tunayoiona sahihi ni hii: «Hakimu wa upelelezi, kama upande wa mashtaka ulivyoomba, ametamka kwamba hakuna msingi wa kuendelea na shauri dhidi ya X kwa tuhuma ya kutumia isivyo halali mali aliyokabidhiwa.» Kosa lenyewe tumelieleza kwa maneno kwa makusudi. Tukiandika «wizi wa kuaminiwa» tunaliingiza chini ya wizi, ilhali Wafaransa wamelitenga. «Kuachiwa huru» tunaliweka akiba kwa ajili ya «acquittement» na «relaxe», maana hizo kweli ni hukumu baada ya kesi kusikilizwa. Ya kwanza hutolewa na mahakama za makosa makubwa ya jinai, ya pili na mahakama za makosa ya ngazi iliyo chini yake.

Tazama pia «ministère public» katika sentensi ileile. Si wizara; ni upande wa mashtaka. Neno «magistrat» nalo hujumuisha majaji na waendesha mashtaka, hivyo anayeliandika «hakimu» kila mahali huenda akamkalisha mwendesha mashtaka kwenye kiti cha hukumu. «Avocat général» naye ni mwendesha mashtaka, wala hafanani na Wakili Mkuu wa Serikali wa kwetu.

Kwa Kiarabu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maneno yanafanana na yetu. «Wakil an-niyaba» wa Misri ni ofisa wa mashtaka, na mara nyingi ndiye anayepeleleza. Akiitwa «wakili» ataonekana mtetezi wa mshtakiwa. «Kadi at-tahkik» wa Aljeria ni hakimu wa upelelezi, lakini msomaji wa Zanzibar akikuta «kadhi» atafikiri shauri ni la ndoa au mirathi.

Tunaomba mwongozo uwatake watafsiri waeleze kazi ya ofisi ya kigeni badala ya kuipa jina la ofisi ya hapa, na neno la asili liachwe kando yake pale linapotokea mara ya kwanza. Pili, kila tafsiri ya uamuzi unaofunga shauri iwe na tanbihi fupi inayojibu maswali matatu: nani aliamua, katika hatua gani, na kama shauri linaweza kufunguliwa tena, kwa sharti gani. Tanbihi iishie hapo. Iwapo amri hiyo inazuia mashtaka mapya Tanzania, hilo ni la mahakama kuamua, na mtafsiri asiligusie.

Nakala ya waraka wa asili iambatanishwe daima, ili wakili wa upande wa pili aweze kulinganisha sentensi kwa sentensi.

Wako katika kazi,
Watafsiri wa nyaraka za kisheria