Bia moja kila jioni na saratani ya matiti

Mhariri,

Makala za afya huwaonya walevi, huku mwanamke anayekunywa bia moja tu kila jioni akiachwa aamini kwamba hayamhusu. Kwa saratani ya matiti, yanamhusu.

Tufanye hesabu. Bia ya mililita 500 yenye alkoholi ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Tafiti kubwa zimeonyesha kuwa kila gramu 10 kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Asilimia za aina hii hueleweka vibaya, kwa hiyo tuseme kati ya wanawake 100 wasiokunywa, 10 wangepata saratani hiyo maishani. Wote wakinywa bia hiyo kila siku, idadi ingefika 11 au 12. Nyongeza si kubwa, ila ipo, na mnywaji ana haki ya kuambiwa.

Wapo wanaojitetea kwa mvinyo mwekundu, eti ni dawa ya moyo. Alkoholi iliyomo ni ileile. Mwili huigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu DNA, na pombe hupandisha pia homoni ya estrojeni, inayochochea seli za matiti kugawanyika. Hayo huanza mapema, ini likiwa bado halijalalamika.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha pombe miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1988. Mkiandika tena kuhusu “kunywa kwa kiasi”, tafadhali tajeni kiasi hicho ni gramu ngapi.

Msomaji wenu