Kwa nini kugeuza marejeleo si kazi ya koma na nukta

"Mmebadilisha koma na nukta tu, mbona bei kubwa hivi?" Swali hili tumeulizwa tena juzi, safari hii na mteja aliyeamini kabisa kwamba tumempunja. Tasnifu yake ilikuwa na marejeleo 140 kwa mtindo wa Vancouver, naye alitaka APA toleo la 7.

Chukua makala moja ya waandishi tisa. Vancouver, jinsi majarida mengi ya tiba yanavyoutumia, huorodhesha sita wa kwanza, kisha "et al." AMA huishia kwa watatu, IEEE kwa mmoja tu. APA inawataka wote tisa, maana orodha yake hubeba hadi waandishi 20; wakizidi hapo, unaandika 19 wa mwanzo, nukta tatu, kisha yule wa mwisho. Kwa hiyo kutoka APA kwenda Vancouver ni kupunguza, na programu hulimaliza hilo papo hapo. Kurudi kinyume ni kutafuta majina matatu ambayo hayamo popote kwenye faili lako.

Mteja wetu alikuwa amenakili marejeleo kutoka orodha za makala za wengine, akayaingiza kwenye Zotero, na ile "et al." akaiweka penye nafasi ya mwandishi. Programu ikaihesabu kuwa mtu wa saba. Ndani ya matini kosa halikuonekana, kwa sababu APA 7 hufupisha kuanzia waandishi watatu. Lilijificha kwenye orodha. Orodha ya APA 7 haitumii "et al." kamwe, hivyo kila unapoiona humo, jua kuna majina yaliyopotea. Kwake tulikuta 53.

Tulifungua kila moja. Yenye DOI tulivuta taarifa zake upya, kisha tukalinganisha na ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe. Kulinganisha huku hatukuachi hata tukiwa na haraka: MEDLINE, hifadhidata inayolisha PubMed, kwa mfano, kati ya 1984 na 1995 iliweka kikomo cha majina kumi, kwa hiyo rekodi za miaka hiyo zinaweza kuwa pungufu tangu huko zilikotoka.

Hapo ndipo tulipogundua makala mbili za 2018 zenye mwandishi wa kwanza yuleyule na wa pili yuleyule, ila wa tatu tofauti. Kwa ufupisho wa kawaida zote mbili zingesomeka sawa. APA inataka uongeze majina mpaka zitofautiane, basi tukaandika matatu kwa kila moja kabla ya "et al.", tukarekebisha kila mahali zilipotajwa.

Ukituletea DOI au PDF ya kila kazi, bei hushuka, kwa sababu sehemu kubwa ya unacholipia ni muda wa kuzisaka.