Kidonge ni cha bei ndogo, mbona mnatoza vipimo?

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu wa hasira kutoka kwa kijana mmoja aliyemleta mama yake hapa kliniki. Anasema tumemwibia. Alilipa ada ya kumwona daktari na ya vipimo vya damu, halafu mwishowe mama akaandikiwa prednisoloni, vidonge vya steroidi ambavyo pakiti nzima haifikii hata robo ya bei ya vipimo vile. "Si mngempa tu siku ya kwanza?" Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno mwaka huu, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu, na kijana huyo ameniruhusu nisimulie ya mama yake bila kumtaja.

Mama ana miaka 72. Alikuja akiwa na wiki tano za maumivu ya mabega yote mawili, shingo na nyonga zote mbili. Nilimwuliza swali ninalomwuliza kila mtu wa umri wake anayelalamika hivyo: mama, ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, mwili unakulegea saa ngapi? Akanijibu bila kufikiri, "Saa nne, mwanangu. Kabla ya hapo mimi ni gogo." Usiku akitaka kugeuka kitandani lazima ashike ukingo wa kitanda ajivute. Kuchana nywele anachaniwa na mjukuu. Jioni anatembea vizuri hadi majirani wanadhani anajisingizia.

Jibu hilo la saa nne lina thamani kuliko picha yoyote. Viungo vilivyolika kwa umri navyo hukakamaa asubuhi, lakini kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa, kisha vinauma kadiri unavyovitumia, yaani jioni ni kubaya kuliko asubuhi. Tena mara nyingi huanza upande mmoja, na nyonga iliyolika huumia zaidi kwenye kinena. Huyu mama alikuwa kinyume chake: asubuhi mbaya sana kwa saa nyingi, jioni nafuu, na pande zote mbili kwa pamoja, tena maumivu yalianza ndani ya wiki moja tu. Mtu aliyepita miaka 50 akija na habari hiyo, ugonjwa wa kwanza kuufikiria ni polimialjia rumatika. Ni uvimbe unaokaa kwenye vifukofuko vya ute na utando unaozunguka kano za mabega na nyonga. Misuli yenyewe haina ugonjwa, ingawa mgonjwa ataapa kwamba inayouma ni misuli.

Kabla ya kuja kwetu, familia ilikuwa imeshajaribu njia mbili za mkato. Ya kwanza ilikuwa kupiga picha za eksirei. Zikasomeka "viungo vimelika", mama akapewa dawa za maumivu na kuambiwa ni uzee. Wapendwa wateja, nyonga ya mtu wa miaka 72 ikipigwa picha, kulika kidogo kutaonekana hata kama haiumi kabisa. Picha ile haikusema uongo, ila haikujibu swali.

Ya pili inaniudhi zaidi. Mtoto alisoma mahali kwamba dawa za kolesteroli huumiza misuli, akamwachisha mama atovastatini kwa wiki nne. Huyu ni mama aliyewahi kupata kiharusi kidogo, na dawa ile ndiyo mojawapo ya ngao zake. Ni kweli statini, yaani dawa hizo za kolesteroli, zinaweza kuumiza misuli, wala sifichi. Lakini tazama kalenda. Maumivu ya statini kwa kawaida hujitokeza wiki au miezi ya mwanzo, au baada ya dozi kupandishwa, au ikiongezwa dawa nyingine inayogongana nayo, kama klarithromaisini. Mama alikuwa anameza miligramu 20 zilezile kwa miaka minne, na hakuna dawa mpya iliyoingia. Isitoshe, statini ikiumiza huuma mapaja na mashavu ya miguu, huleta mikakamao au udhaifu, haina tabia ya kukufunga asubuhi na kukufungulia saa nne. Na mwisho, ikiwa statini ndiyo chanzo, ukiiacha kwa wiki mbili hadi nne chini ya uangalizi wa daktari, nafuu huonekana. Mama aliiacha wiki nne na hali ikazidi kuwa mbaya.

Nilimkalisha kwenye kiti kifupi nikamwambia asimame bila kushika popote. Aliuma meno, akasimama polepole. Nikaukandamiza mkono wake chini naye anausukuma juu: unauma, lakini nguvu ipo. Angekuwa mlegevu kweli, asiyeweza kuinuka hata maumivu yakitulizwa, ningewaza ugonjwa wa misuli na kuiangalia statini kwa jicho jingine kabisa. Na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi kwa mtu anayetumia statini, hiyo si ya kusubiri miadi. Dawa inasimama na hospitali siku hiyohiyo.

Sasa vipimo alivyolipia. Cha kwanza ni ESR, kinachoonyesha kama mwilini kuna uvimbe. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, inaachwa saa moja bila kuguswa, kisha tunapima chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Fundi wangu wa maabara hakubali mtu aegemee meza ile wakati mrija umesimama, kwa sababu meza ikitikisika au mrija ukiinama kidogo jibu linapanda. Mwanamke wa umri ule naweza kumruhusu hadi 40 hivi bila kushtuka. Ya mama ilisoma 78. CRP, kipimo kingine cha uvimbe mwilini, ilikuwa 54, wakati tunatarajia chini ya 10. CK, inayopanda misuli inapoumia, ilikuwa ya kawaida, na hapo statini ikazidi kuondoka kwenye orodha ya washukiwa. Vipimo vya baridi yabisi ya kinga ya mwili, ile inayoshambulia viungo vidogo vya vidole, vilikuwa hasi, na vidole vyake havikuwa vimevimba. Tukapima tezi ya shingo, kwa sababu ikizembea nayo huleta maumivu ya misuli, na protini za damu, kwa sababu saratani ya uboho inaweza kujifanya polimialjia. Tukapima na sukari, na nitaeleza kwa nini.

Ndipo akaandikiwa prednisoloni miligramu 15, vidonge vitatu vya 5 asubuhi baada ya kula, na statini yake ikarudishwa. Siku ya tatu alinipigia simu mwenyewe: amejichana nywele. Ndivyo polimialjia inavyojibu, ndani ya siku chache. Mgonjwa asiyeona nafuu kubwa ndani ya wiki mbili au tatu kwa dozi hiyo, narudi mwanzo nikijiuliza kama nimekosea jina la ugonjwa.

Kwa hiyo, anauliza kijana, kwa nini nisingempa vidonge kwanza, vikifanya kazi tujue ndio huo? Kwa sababu prednisoloni hupunguza maumivu ya karibu kila kitu kwa siku chache. Mzee mmoja wa miaka 68 alikuja hapa baada ya kumeza kwa siku kumi vidonge visivyo na jina alivyopewa na rafiki. Tulipovitambua, vilikuwa prednisoloni na daiklofenaki kwa pamoja, mchanganyiko unaoweza kutoboa tumbo. Alikuwa amepata nafuu, kwa hiyo aliamini ana polimialjia. CRP yake ilikuwa 4. Je, hana uvimbe kwa sababu hana ugonjwa, au kwa sababu dawa imeuzima? Sikuwa na njia ya kujua. Sukari yake, maana ni mgonjwa wa kisukari, ilikuwa imefika 17. Tulimwachisha, tukasubiri wiki mbili, maumivu yakarudi, tukapima upya: ESR 22, CRP 5. Nikimchunguza vizuri, lililouma zaidi lilikuwa bega la kulia peke yake, na altrasaundi ikaonyesha kano iliyochanika. Alihitaji mazoezi ya tiba, si steroidi. Alilipia vipimo mara mbili na kuihangaikia sukari mwezi mzima, kwa ajili ya vidonge vya bure.

Ndiyo maana naomba damu itolewe kabla ya kidonge cha kwanza. Kuna hali moja tu ambayo hatungoji majibu. Mwenye maumivu haya akiwa pia na kichwa kipya kinachouma kwenye panja, ngozi ya kichwa isiyovumilia kitana, taya linalochoka na kuuma akitafuna, au jicho lililoingia giza hata kwa dakika moja, hiyo ni dalili kwamba mishipa mikubwa ya damu ya kichwa imevimba. Ugonjwa huo hutembea na polimialjia kwa baadhi ya wagonjwa, na unaweza kupofusha jicho lisione tena. Hapo damu inatolewa haraka na dozi kubwa, miligramu 40 hadi 60, inaanzwa siku ileile. Kila mara mama anapokuja ninamwuliza kuhusu taya na macho, na mtoto wake alidhani ninapiga soga.

Na ada ya kurudi kliniki, ambayo nayo imelalamikiwa? Kuanza prednisoloni ni rahisi, kazi ni kuishuka. Mpango tunaoufuata kwa wengi ni 15 kwa wiki tatu, 12.5 kwa wiki tatu nyingine, 10 kwa wiki nne hadi sita, kisha kupunguza miligramu 1 kila wiki nne hadi nane. Hesabu mwenyewe: ni mwaka mmoja hadi miwili. Ukishuka haraka, ugonjwa unarudi. Ukikaa juu, sukari na shinikizo vinapanda na mifupa inapungua, ndiyo maana tulipima sukari mwanzoni na kumpa kalsiamu na vitamini D. Ukiacha ghafla baada ya miezi, tezi za mwili zinazotengeneza steroidi ya asili zinakuwa zimelala, na mtu anaweza kuzimia kwa homa tu ya kawaida. Mwaka jana dada mmoja alijiona amepona akiwa kwenye 9, akaacha zote. Wiki ya pili alibebwa kuletwa hapa, tukaanza tena kutoka juu.

Mama wa kijana wetu sasa yuko kwenye 10. Anarudi Jumanne ijayo kupima CRP, na kama iko chini na asubuhi yake ni nyepesi, tutashuka hadi 9. Nimemwomba kijana aje naye. Wewe unayemleta mzazi mwenye shida kama hii, mlete asubuhi, beba pakiti zote za dawa anazomeza, na nyuma ya kila pakiti andika kwa kalamu mwezi na mwaka alioanza kuitumia.