YAH: MALALAMIKO YA KUKATWA ADA YA KADI MARA MBILI KWENYE AKAUNTI YANGU YA AKIBA

Meneja wa Tawi,
Tawi la Mjini,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu, muuza dagaa katika soko la Kirumba. Nalalamikia makato ambayo naamini hayakuwa halali kwenye akaunti yangu. Sina tarehe ya makato hayo, sina kiasi chake wala namba ya muamala, na barua hii nimeiandika hivyo hivyo kwa makusudi. Naomba msiirudishe kwa sababu hiyo kabla hamjaisoma hadi mwisho.

Mwishoni mwa mwaka jana nilipoteza kadi yangu ya ATM. Nilifika tawini nikajaza fomu ya kuripoti upotevu, na wiki ile shule zilipofunguliwa Januari nikapewa kadi mpya kwenye meza ya huduma kwa wateja. Nilisaini kitabu cha kupokelea kadi. Dada aliyenihudumia aliniambia ile ya zamani "imeshafungwa", nami nikaondoka nikijua nina kadi moja.

Mwezi Agosti nilikwenda kwa wakala kutoa pesa ya kulipia mzigo wa dagaa uliokuwa umeshafika mwaloni. Muamala ukakataa: salio halitoshi. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu kwenye daftari usiku wa jana yake na pesa ilipaswa kutosha. Ilibidi nimwombe mwenye boti anisubiri, naye akauza magunia mawili kwa mtu mwingine.

Siku mbili baada ya sikukuu ya Nane Nane nikaja kaunta. Mhudumu aliangalia kompyuta yake akaniambia kwa mdomo wake, "Mama, hapa kuna makato ya kadi mara mbili." Nilipomwomba anichapishie, alisema kwanza nilete tarehe, kiasi na kumbukumbu namba ya muamala ninaoulalamikia. Nikamwambia muamala wenyewe si huo anaouona? Akajibu utaratibu ni huo, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Vitu hivyo vitatu kwa kawaida mteja huvipata kwenye meseji ya benki. Meseji zangu zilikuwa kwenye simu iliyoanguka ziwani nikisaidia kushusha mzigo. Laini nimeirudisha, namba ni ile ile, lakini meseji za zamani hazikurudi pamoja nayo. Daftari langu nalo halinisaidii kwa hili, maana upungufu niliouona umechanganyika na ada halali za kutoa pesa kwa wakala, na siwezi kuusimamia kwamba ndicho kiasi cha makato.

Ningeweza kukisia. Jirani yangu sokoni alinishauri niandike kiasi chochote kinachokaribia ili barua ipokelewe. Nimekataa, kwa sababu nikikisia vibaya, mtu wenu atatafuta mstari wenye kiasi kile, hataupata, na nitaandikiwa kwamba hakuna muamala wa namna hiyo kwenye akaunti yangu. Lalamiko litafungwa na makato yatabaki pale pale. Na tarehe ni vilevile. Afadhali niwape ninachokijua kwa hakika, nacho kinatosha kuyapata.

Mipaka ya kutafuta ni hii. Anzieni siku niliyosaini kupokea kadi mpya, ambayo mnayo kwenye kitabu chenu, mwishie siku niliyokuja kaunta mwezi Agosti. Katika kipindi hicho tafuteni mistari ya ada ya kadi tu. Miamala ya kuweka na kutoa pesa yote ni yangu na siilalamikii. Namba ya akaunti na tarakimu nne za mwisho za kila kadi nimeziandika kwenye karatasi iliyoambatanishwa. Namba kamili za kadi sikuziandika, wala namba ya siri, na naomba asitokee mtu wa kunipigia simu kuniuliza hizo.

Baada ya hapo naomba muangalie kitu ambacho mhudumu wa kaunta hakukiangalia: kwenye mfumo wenu, akaunti yangu imeunganishwa na kadi ngapi, na kila moja ina hali gani? Kadi kuzuiwa isitumike ni jambo moja, na kadi kufutwa kabisa kwenye akaunti ni jambo jingine. Wasiwasi wangu ni kwamba ile ya zamani ilizuiwa tu. Mwizi asingeweza kuitumia, lakini kwa mfumo bado ilihesabika kuwa ni kadi yangu, na ada ilipokatwa ikakatwa kwa zote mbili. Kama ndivyo, mwakani nitakatwa tena hata mkinirudishia pesa ya sasa. Kwa hiyo naomba kadi ya zamani ifutwe na nithibitishiwe kwa maandishi kwamba imefutwa.

Inawezekana pia mkakuta kwamba mstari mmoja ni gharama ya kutengenezewa kadi mpya na mwingine ni ada ya kawaida. Mkiona hivyo, nionyesheni mistari yenyewe pamoja na bei zenu zilizokuwa zikitumika siku hiyo. Nikiridhika nitaandika barua ya kufuta lalamiko hili. Sidai pesa isiyo yangu.

Yakiwa ni makosa, naomba nirudishiwe ada yote pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 iliyokatwa juu yake. Kodi hiyo mara nyingine huonekana kwenye mstari wake peke yake chini ya ada, na ni rahisi kurudisha mstari wa juu mkasahau wa chini.

Naomba vilevile taarifa ya akaunti ya kipindi nilichokitaja, ikiwa na tarehe, kiasi na namba ya kila muamala, bila kutozwa malipo ya kuichapisha. Taarifa hiyo ndiyo yenye vitu vile vitatu nilivyoambiwa nilete. Si haki mteja alipie karatasi za kuonyeshea kosa ambalo mhudumu wenu alishaliona kwenye kompyuta yake.

Barua hii nimeileta kwa mkono ikiwa na nakala mbili. Naomba moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe na iandikwe namba ya lalamiko, niondoke nayo. Najua Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na kwamba mteja hutakiwa kwanza alifikishe lalamiko kwenye benki yake. Ndiyo maana nimeanza kwenu. Nisipopata jibu la maandishi, au nikijibiwa tena kwamba nilete kumbukumbu namba, nakala hiyo yenye muhuri nitaipeleka huko.

Nimeweka pesa zangu kwenu tangu nilipokuwa nauza kwa sado, kabla sijaanza kununua kwa gunia. Kilichoniumiza zaidi siku ile ni kuona mhudumu ameyaona makato kwa macho yake, kisha akanituma mimi nikayatafute.

Napatikana kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti. Asubuhi niko mwaloni na kelele ni nyingi, hivyo naomba mnipigie baada ya saa nane mchana.

Wenu mteja,

(Sahihi)

Viambatisho: nakala ya fomu ya kuripoti upotevu wa kadi, karatasi yenye jina, namba ya akaunti na tarakimu nne za mwisho za kadi zote mbili, nakala ya kitambulisho cha Taifa.